Uzoefu wangu wa kuitafuta tovuti rasmi ya viza ya India katikati ya tovuti za mawakala

Mama yangu mdogo alipopangiwa matibabu India, mimi ndiye niliyepewa jukumu la kumshughulikia viza pamoja na yangu ya kumsindikiza. India hutoa viza ya kielektroniki ya matibabu kwa mgonjwa, na nyingine ya msindikizaji ambayo hutolewa kwa watu wasiozidi wawili kwa kila mgonjwa. Maombi yote hufanyika mtandaoni, na tovuti rasmi ya kuyafanyia ni moja tu: indianvisaonline.gov.in/evisa. Naandika tathmini hii kwa sababu kujaza fomu hakukuwa kugumu kama kujua kwamba niko mahali sahihi kabla ya kuandika namba ya pasipoti ya mtu mgonjwa.

Nilipoandika maneno ya kutafuta viza ya India, matokeo ya juu kabisa yalikuwa matangazo ya kulipia, na mengi ya hayo yalielekeza kwenye kurasa za mawakala. Nilifungua mojawapo ili niilinganishe na ile rasmi. Ilikuwa na rangi za bendera ya India, picha ya Taj Mahal, na nembo iliyofanana sana na ile ya simba wa Ashoka inayotumiwa na serikali. Kichwa chake kilisema ni maombi ya viza ya India mtandaoni. Ilinibidi nishuke hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo ya kijivu, ndipo nikakuta sentensi inayosema kwamba kampuni hiyo ni ya binafsi, haihusiani na serikali yoyote, na kwamba bei yake inajumuisha ada ya huduma. Kiasi cha ada hiyo hakikutajwa popote kabla ya ukurasa wa malipo. Naona jambo hili si la haki, kwa sababu sentensi inayomlinda mwenye tovuti imewekwa mahali ambapo msomaji mwenye haraka hafiki.

Mwonekano wa ukurasa basi hauthibitishi chochote, na alama ya kufuli kwenye kivinjari vilevile haithibitishi. Kufuli hueleza tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamefichwa yasisomwe njiani, wala haisemi mwenye tovuti ni nani, na cheti chake mtu yeyote anaweza kukipata bure. Kinachosema ukweli ni anwani yenyewe, mradi isomwe ipasavyo. Chukua sehemu iliyo baada ya https:// hadi kwenye mkwaju wa kwanza, kisha uisome kuanzia kulia kwenda kushoto. Katika indianvisaonline.gov.in unaanza na in, ambayo ni India, kisha gov, na gov.in kwa pamoja ni kikoa kinachotolewa kwa taasisi za serikali ya India peke yake. Sasa linganisha na anwani hizi mbili nilizozitunga kwa mfano:

```
indianvisaonline.gov.in.maombi.example
evisa-gov-in.example/indianvisaonline
```

Ya kwanza ina maneno yote ya anwani rasmi, lakini mwisho wake ni maombi.example, hivyo mwenye maombi.example ndiye mwenye tovuti, na yaliyotangulia ameyaandika atakavyo. Ya pili imetumia vistari badala ya nukta, na jina rasmi limewekwa baada ya mkwaju, mahali ambapo kila mwenye tovuti yuko huru kuandika lolote. Kwenye simu inabidi uwe mwangalifu zaidi, kwa kuwa kivinjari mara nyingi huonyesha kipande tu cha anwani ndefu. Mimi huibonyeza na kuivuta hadi niione yote kabla ya kugusa fomu.

Njia niliyoitegemea mwishowe ilikuwa kuuacha utafutaji kabisa na kuingia kupitia Wizara ya Mambo ya Nje ya India, mea.gov.in, na kufuata habari za viza kutoka huko. Ofisi za ubalozi nazo huweka kiungo hicho. Faida ya njia hii ni kwamba inafaa hata pale ambapo mwisho wa anwani hausaidii. Kanada hutumia canada.ca, bila neno la serikali ndani yake, na tovuti hiyo ni halali. Kwa viza ya Marekani, fomu ya DS-160 hujazwa kwenye ceac.state.gov, lakini katika nchi nyingi miadi ya mahojiano hupangwa kwenye usvisascheduling.com, anwani ambayo kwa kuitazama tu ungeidhania ya wakala. Uhalali wake unaujua kwa sababu tovuti ya serikali ndiyo inayokupeleka huko.

Tovuti rasmi ya India yenyewe haina mapambo, na fomu yake ni ndefu. Inauliza habari za wazazi, safari za nyuma na mawasiliano ya mtu aliyeko India. Inakupa namba ya muda ya maombi, na kwa namba hiyo unaweza kusimama na kurudi baadaye. Picha ya mwombaji inapaswa kuwa ya JPEG isiyozidi MB 1, na ukurasa wa pasipoti uwe PDF kati ya KB 10 na KB 300. Viza ya matibabu inahitaji pia barua ya hospitali ya India iliyo kwenye karatasi yake yenye nembo. Malipo huja mwishoni, baada ya nyaraka kupakiwa, na ada hutegemea uraia wa mwombaji. Maombi yanatakiwa kuwasilishwa angalau siku 4 kabla ya kuwasili, na tovuti inaonya kwamba serikali haitozi ada ya dharura. Kwa hiyo ukurasa unaokuuzia huduma ya haraka kwa nyongeza unakuuzia kitu ambacho serikali haina.

Si kila wakala ni tapeli. Wapo wanaochukua majibu yako na kuyajaza kwenye tovuti ileile rasmi, na kibali kinatoka. Wasiwasi wangu ni juu ya yale yanayotokea katikati. Wakala anaweza kuandika barua pepe yake mahali pa yako, na hapo kila taarifa ya serikali, ikiwamo ya kuombwa nyaraka upya, inaenda kwake kwanza. Akikosea herufi moja ya jina au tarakimu moja ya pasipoti, kosa hilo litaonekana mbele ya afisa wa uhamiaji, na mwenye kuulizwa ni msafiri.

Kwa aliyekwisha kumlipa wakala, lipo jambo la kufanya leo hii. Mwombe namba ya maombi iliyotolewa na serikali, si namba ya risiti yake. Kisha ingia mwenyewe kwenye indianvisaonline.gov.in/evisa, ufungue sehemu ya kuangalia hali ya viza, na uandike namba hiyo pamoja na namba ya pasipoti. Maombi yakionekana, linganisha kila herufi na pasipoti yako. Yasipoonekana, au wakala akikataa kutoa namba, wasiliana na benki yako kuhusu malipo hayo na uanze maombi mapya mwenyewe wakati zile siku 4 bado zipo.