Barua pepe ya kuomba radhi: fupi au yenye maelezo?

Jokofu la mteja wa Dodoma lilipaswa kufika Jumanne, na halikufika. Rasimu ya kwanza, "Samahani kama umesumbuka", haina kosa la sarufi, lakini inatilia shaka usumbufu ambao mteja ameshaupata. Rasimu fupi iliyorekebishwa inasema: "Tumechelewesha jokofu lako na tunakuomba radhi; litafika Ijumaa kabla ya saa sita mchana." Inasomeka haraka kwenye simu, nayo inatosha ikiwa siku mpya ni ya uhakika. Rasimu ndefu, inayoongeza namba ya oda, sababu na utaratibu wa kurudishiwa fedha, huchukua muda kuandikwa, lakini humfaa zaidi mteja aliyekwisha kulipa au aliyecheleweshewa mara ya pili, mradi sababu isigeuke kuwa lawama kwa dereva.