Kikapu cha kukunja cha kupikia kwa mvuke: uzoefu wangu na brokoli, karoti na mboga za majani

Hiki ni kile kikapu cha chuma kisichoshika kutu chenye mabawa yanayopandana, miguu mitatu mifupi na kijiti cha katikati chenye pete ya kushikia. Ukikifungua kinatanuka kama ua, ukikikunja kinaingia droo ya vijiko. Kinauzwa kwenye maduka mengi ya vyombo, mara nyingi bila jina la mtengenezaji. Mimi nakitumia ndani ya sufuria ya kawaida ya sentimita 22 kwenye jiko la gesi, na kwa mtu anayetaka mboga zenye rangi na zinazolia zikitafunwa, nakipendekeza. Ila nina neno kuhusu miguu yake.

Miguu ndiyo kasoro. Ina urefu wa sentimita mbili na nusu tu, na maji yanayotokota kwa nguvu hurukia juu kupitia matundu. Hapo vipande vya chini vinachemshwa na vya juu vinapikwa kwa mvuke, halafu unalaumu muda. Dalili ni rahisi kuiona: brokoli za juu ni kijani kikali na imara, za chini zimelowa, vichwa vyake vimelegea na maji ya chini yamegeuka kijani. Maji ya sufuria yakibaki karibu meupe mpaka mwisho, ujue mvuke ndio uliofanya kazi. Kwa sufuria ya ukubwa huo, nusu lita ya maji hufika kimo cha sentimita moja na robo hivi, na hicho ndicho kipimo changu. Inabaki nafasi ya zaidi ya sentimita moja ya mvuke chini ya kikapu. Ukinunua, pima miguu dukani. Chenye miguu ya sentimita nne ni bora mara nyingi hata kama bei imepanda kidogo.

Nusu lita inatosha kwa dakika kumi na tano bila wasiwasi, mfuniko ukiwa umefunikwa. Ukiogopa maji kukauka, tumbukiza sarafu safi ndani ya sufuria kabla ya kuwasha. Maji yakichemka itagongagonga chini. Ikinyamaza ghafla na moto bado upo, maji yamekwisha, ongeza ya moto. Usiongeze ya baridi, kwa sababu mvuke unakatika na hesabu ya dakika inaharibika.

Jambo linaloamua matokeo kuliko yote ni kuweka mboga baada ya mvuke kutoka kwa nguvu, siyo pamoja na maji ya baridi. Mboga iliyowekwa mapema inapata joto polepole, inalegea kabla hujaanza hata kuhesabu. Subiri mpaka mvuke utoke pembeni mwa mfuniko mfululizo, ndipo ufungue, uweke, ufunike na uanze saa. Moto uwe wa kati kwenda juu. Mvuke hauzidi joto la maji yanayochemka, kwa hiyo kuwasha moto mpaka mfuniko urukeruke hakuivishi haraka, kunamaliza gesi na kurusha maji tu.

Sasa dakika zenyewe. Hizi ni za Dar es Salaam au popote karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, na mvuke wake una joto hilohilo. Kwa hiyo anayepika huko aongeze kama dakika moja kwa brokoli na mbili kwa karoti, halafu aamini ncha ya kisu kuliko saa.

Brokoli: dakika tano kwa vichwa vya upana wa sentimita tatu hadi nne. Ukubwa sawa ni muhimu kuliko dakika, maana kipande cha sentimita sita hakitaiva wakati kile cha mbili kimeshasambaratika. Kikonyo kinene usikitupe. Menya ganda la nje, ambalo ndilo lenye nyuzi, kikate vipande vya nusu sentimita na ukiweke pamoja na vichwa. Simamisha vichwa vikiangalia juu, visipande zaidi ya tabaka mbili, kwa sababu mvuke lazima upite katikati yao. Dakika ya kwanza rangi inakolea ghafla. Hiyo siyo dalili ya kuiva. Ni hewa iliyokuwa katikati ya chembe za mboga inayotoka, na rangi ya kijani iliyokuwepo tangu mwanzo inaonekana vizuri zaidi. Imeiva pale ncha ya kisu inapoingia kwenye shina kwa ukaidi kidogo.

Kuanzia dakika ya saba mambo huanza kugeuka. Rangi ya kijani ni klorofili, na katikati ya kila chembe yake kuna magnesi. Joto linapopasua mboga, asidi yake yenyewe inatoka na kuiondoa ile magnesi, na kijani kinakuwa rangi ya zeituni iliyochakaa. Mfuniko unazuia sehemu ya asidi hiyo isitoke na mvuke, ndiyo maana mboga za kijani zilizofunikwa kwa muda mrefu huchakaa. Kwa brokoli na majani mimi hufungua mfuniko mara moja katikati ya muda, kwa sekunde mbili tatu, nikafuta na maji yaliyokusanyika ndani yake. Mifuniko ya sufuria zetu ni bapa, na matone yake hudondokea katikati ya mboga. Brokoli ikipita dakika kumi utaijua kwa pua kabla ya macho: harufu nzito ya kabichi iliyochemshwa sana.

Karoti ni jambo jingine kabisa. Rangi yake ni karotini, haiyeyuki kwenye maji na haisumbuliwi na dakika chache za joto, kwa hiyo unacholinda ni ukakamavu peke yake. Vipande vya mviringo vyenye unene wa milimita tano hadi sita huchukua dakika saba. Vijiti vya unene wa sentimita moja, dakika tisa. Karoti kubwa zilizokomaa, zile zenye moyo wa kati wa rangi hafifu, ongeza dakika, kwa sababu moyo ule ni mgumu kuliko nyama ya nje. Watu wengi hukata karoti kwa mshazari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Inapendeza kwenye sahani ila inaiva vipande viwili tofauti kwa wakati mmoja.

Nikitaka brokoli na karoti kwa mlo mmoja, sipiki mara mbili. Chukua karoti mbili za kati na kichwa kimoja cha brokoli. Mvuke ukishapamba moto, tandaza karoti kwenye kikapu na uhesabu dakika mbili. Fungua, weka vichwa vya brokoli juu yake na funika tena kwa dakika tano. Kufungua kunapoteza joto kidogo, hivyo jaribu kisu kwanza, na kama shina bado linagoma sana ongeza nusu dakika. Toa kikapu kizima kwa pete yake ukitumia uma, maana pete inaunguza, na umwage mboga kwenye sinia pana mara moja.

Hilo la sinia lisipuuzwe. Mboga zilizorundikwa kwenye bakuli zinaendelea kuiva kwa joto lao wenyewe, na dakika tano zako zinakuwa nane bila wewe kujua. Zitandaze tabaka moja, feni ikiwepo zielekeze huko. Maji ya barafu yanasimamisha mapishi haraka zaidi, ila vichwa vya brokoli hunyonya maji na kuyaachia kwenye chakula, hivyo kwa brokoli nachagua sinia. Chumvi iwekwe baada ya kupika. Limao na siki viwekwe mezani kabisa, maana asidi inaendelea kuharibu kijani, na brokoli iliyokamuliwa limao saa moja kabla ya kula haitapendeza tena.

Mboga za majani nazipika peke yake katika maji yaleyale baada ya brokoli kutoka. Spinachi inataka dakika moja na nusu hadi mbili. Mchicha mwororo mbili, uliokomaa tatu, mashina manene yakiwa yameondolewa. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba inataka nne hadi tano. Zijaze kikapu bila kuzikandamiza, kisha zigeuze kwa uma nusu ya muda, kwa sababu majani yaliyolegea hujilaza na kuziba matundu, na ya juu yanabaki mabichi. Kausha maji ya kuoshea vizuri kwanza, la sivyo yote yanashuka kwenye sufuria na kupooza mvuke.

Kuna majani ambayo kifaa hiki hakiyafai. Kisamvu kisipikwe hivi kamwe: kina sumu ya sianidi inayohitaji kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, na dakika chache za mvuke haziiondoi. Mnavu nao hubaki mchungu, kwa sababu uchungu wake huondoka na maji ya kuchemshia yanayomwagwa. Hata spinachi ya mvuke huacha ule ukakasi kwenye meno kuliko iliyochemshwa, maana chembechembe zinazouleta hazikupata maji ya kutokea. Asiyeupenda achemshe spinachi kwa dakika moja kwenye maji mengi na kumwaga.

Na magadi? Yanatunza kijani kweli, kwa sababu yanaua asidi. Lakini yanayeyusha pia kinachoshikilia kuta za chembe za mboga, na unapata kijani cha kung'aa chenye ulaini wa uji. Kwa anayetafuta ukakamavu, yabaki kwenye mrenda na maharage.

Kuhusu kudumu: chuma chenyewe ni kizuri, sehemu dhaifu ni vile vipini vidogo vinavyoshikilia mabawa. Mabaki ya mboga hujificha hapo, na kikapu kikikunjwa kikiwa na unyevu hupata madoa ya kutu kwenye vipini. Kioshe kwa mswaki kikiwa wazi, kikauke wazi. Kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi nyingi, utando mweupe utajitokeza kwenye miguu. Loweka kwa siki na maji ya moto kiasi sawa kwa nusu saa, utatoka bila kusuguliwa kwa steelwaya. Kijiti cha katikati kwenye vikapu vingi kinafunguka kwa kuzungushwa, na ukikitoa unapata nafasi ya kulaza hata samaki mzima mdogo, ila hapo utahitaji koleo ndefu ya kukitolea kikapu kikiwa cha moto.