Kompresa ya Friji Inachoma Mkono: Joto la Kawaida ni Lipi?

Karibuni watazamaji. Leo mezani nina friji ya mlango mmoja, inayotumia gesi ya R600a na kompresa ya kawaida isiyo na inverta. Ubaridi wake nitaugusia mwishoni, kwa sababu swali ambalo watu huniuliza kuliko yote kuhusu friji za aina hii ni moja: nimegusa kompresa kwa nyuma, imenichoma, je, inakufa?

Mkono wako hauwezi kujibu swali hilo. Ngozi huanza kuona maumivu chuma kikishafika nyuzi 45 au zaidi kidogo. Kikifika nyuzi 60, ukikishikilia kwa sekunde 5 hivi unaweza kuungua. Sasa ganda la kompresa ya friji iliyo nzima kabisa, ikishafanya kazi kwa saa kadhaa, huwa kati ya nyuzi 50 na 70. Yaani kompresa yenye afya njema inatosha kukufanya uruke. Ukiigusa ukaondoa mkono haraka, bado hujajua lolote kuhusu ubovu.

Joto hilo linatoka wapi? Ndani ya lile ganda jeusi mna mota, pampu na mafuta, vyote vimefungiwa pamoja na kuchomelewa. Mota inatoa joto lake, na gesi nayo ikikandamizwa inapata moto. Kinachoipoza mota ni gesi ile ile inayorudi kutoka kwenye friza. Inaingia ndani ya ganda, inapita juu ya mota ikibeba joto, kisha ndiyo inavutwa na pampu. Shika jambo hilo, maana ndilo litakaloeleza kesi ninayotaka kuwaonyesha.

Tuanze na friji hii. Chumba kina nyuzi 28. Nimeiacha ifanye kazi mpaka joto likatulia, kwa sababu kipimo cha dakika kumi za mwanzo hakina maana. Ganda ni zito na linapanda moto polepole. Juu ya ganda napata nyuzi 63. Bomba la kutolea gesi, lile jembamba linalotoka kwenye kompresa, nyuzi 71. Bomba la kurudishia, nyuzi 29. Kuta za pembeni nyuzi 37, na hilo ni sawa, kwa sababu mabomba ya kutupa joto yamefichwa ndani ya kuta hizo. Ganda limezidi chumba kwa nyuzi 35. Kwangu mimi hiyo ndiyo hesabu ya kuangalia: toa joto la chumba kwanza. Tofauti ya nyuzi 25 hadi 40 haininyimi usingizi. Kwenye chumba chenye nyuzi 38, kompresa hiyo hiyo inaweza kugonga 75 na isiwe na tatizo.

Neno kuhusu kipimajoto. Hiki cha bunduki kinasoma vizuri kwenye ganda kwa kuwa limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Kwenye shaba inayong'aa kinadanganya, kinaonyesha joto la chini kuliko lililopo. Ndiyo maana mnaona nimezungushia mabomba utepe mweusi wa umeme kabla ya kupima.

Sasa njooni kwenye friji hii ya pili, imeletwa kwa sababu haigandishi na haipumziki. Iko chumba hiki hiki, gesi ni ya aina hiyo hiyo. Ganda: nyuzi 91. Hapo tofauti na chumba ni 63, na kwa friji ndogo iliyokwisha tulia, ganda likizidi nyuzi 90 mimi natafuta sababu siku hiyo hiyo. Lakini tusikimbilie kuilaumu kompresa. Shika kuta za pembeni: nyuzi 30 tu, karibu sawa na chumba. Ganda linaunguza, halafu sehemu ya kutupa joto imepoa! Fungua friza uone: barafu imeshika pale gesi inapoingilia tu, sehemu nyingine yote ni kavu. Na mita ya umeme inaonyesha inakula wati chache kuliko ilivyoandikwa kwenye lebo.

Dalili hizo zikikutana, gesi imepungua. Gesi ikiwa kidogo, pampu haina mzigo mkubwa, ndiyo sababu wati zimeshuka. Joto linalobebwa kutoka kwenye friza ni dogo, kwa hiyo kuta hazipati cha kutupa. Na ile gesi ya kuipoza mota haitoshi, huku friji ikifanya kazi bila kuzima kwa sababu ubaridi haufikiwi. Mota inapikwa polepole ndani ya mafuta yake. Ikiachwa hivyo mafuta yanaharibika, kisha varnishi ya nyaya za mota inachakaa, na hapo ndipo kompresa inakufa kweli.

Kwa hiyo atakayekwambia ubadilishe kompresa hapa, mwulize kwanza gesi imepotelea wapi. Gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua, imevuja. Tundu litafutwe, lizibwe, filta ya kukaushia ibadilishwe, mfumo unyonywe hewa, ndipo gesi iingizwe kwa kupimwa kwenye mizani. Friji ndogo ya R600a huchukua makumi ya gramu tu, na gesi hiyo inashika moto, kwa hiyo kazi hii si ya kujaribia nyumbani.

Nikairudia friji ya kwanza na kuiziba makusudi kwa maboksi pembeni na nyuma. Ganda likapanda mpaka 77, lakini angalia kuta: kutoka 37 zimefika 49. Vyote viwili vimepanda pamoja. Huo ni ukosefu wa hewa, na dawa yake ni kuisogeza friji kutoka ukutani na kufuta vumbi. Kama friji yako ina feni karibu na kompresa, hakikisha inazunguka.

Kuna na moto wa namna ya tatu, ambapo ganda linachoma lakini mabomba yote yamepoa. Sikiliza: inavuma sekunde chache, tak, inanyamaza, baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Mota haiwezi kuanza, inavuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko kawaida, na kinga ya joto inaukata. Chomoa plagi. Huenda ni rilei ya kuwashia, huenda umeme ni mdogo, huenda pampu imekwama. Rilei ndiyo rahisi kuanza nayo, baada ya kuchomoa. Usimwagie ganda maji ili lipoe haraka, maana viungio vya umeme viko ubavuni pake.

Vipimo hivi ni vya kompresa za friji za pistoni. Kompresa za duara za viyoyozi vingi zina gesi moto iliyojaa ndani ya ganda lote, hivyo nyuzi 80 na kitu kwao ni za kawaida.

Sasa hukumu ya friji yenyewe. Inapoza vizuri, na kwa nyuzi 63 kompresa yake haijabanwa. Nisichokipenda ni kava la nyuma: matundu yake ni machache na madogo, na vumbi likishika hapo huwezi kulifikia bila bisibisi. Ukiinunua, iachie nafasi ya kiganja pembeni na nyuma, na ulifungue kava hilo kulisafisha kila baada ya miezi michache, plagi ikiwa imechomolewa.