Kipilefti au njia panda tupu: wapi pa kujihadhari zaidi?

Ukiwa umezoea kuendesha kushoto kisha ukahamia nchi ya kulia, kipilefti ndicho kinachotisha. Magari yanazunguka kinyume na mwendo wa saa, na unayempisha anatokea kushoto kwako. Hata hivyo, mishale na magari mengine yanakuongoza.

Mimi naogopa zaidi njia panda tupu, alfajiri, pasipo gari la kufuata. Kukata kushoto sasa ni kona pana: unawapisha wanaokuja mbele, unavuka upande wao, ndipo unaingia upande wa kulia wa barabara mpya. Mazoea yatakuvuta uikate kwa ufupi. Usukani ukiwa kushoto, mstari wa katikati uwe upande wako wewe dereva. Ukiuona upande wa abiria, uko upande wa wanaokuja.