Zana za kusoma kodeki, kasi ya fremu na kontena: ipi inaeleza YouTube ilipokea nini hasa

Anayetafuta zana ya kukagua faili za video kwa kawaida huuliza bei kwanza, ingawa swali linalopaswa kutangulia ni faili ipi inayosomwa. Faili inayotoka kwenye kompyuta ya mhariri, faili inayofika YouTube na ile anayotazama mtazamaji zinaweza kuwa vitu vitatu tofauti, na zana nyingi husoma moja tu kati ya hizo. Kwa sababu hiyo nimezipanga kwa kipimo kimoja: zinatuambia nini kuhusu kile ambacho jukwaa lilipokea.

Nafasi ya kwanza naipa huduma ya YouTube Data API, ambayo haina malipo kwa matumizi ya kawaida. Sehemu yake iitwayo `fileDetails` hueleza faili iliyopandishwa, yaani jina, ukubwa kwa baiti, kontena, kodeki, vipimo vya picha na kasi ya fremu. Hupewa mwenye video peke yake, hivyo ni lazima kuingia kwa akaunti ya chaneli husika na kuidhinisha ombi. Hakuna haja ya kuandika programu, kwa kuwa ukurasa wa maelezo ya `videos.list` una kidirisha cha kujaribia ombi lenyewe:

```
GET https://www.googleapis.com/youtube/v3/videos?part=fileDetails&id=KITAMBULISHO
```

Tuseme mhariri wa Mombasa ametoa video ya harusi ya dakika 3 kwa H.264 ndani ya MP4, fremu 25 kwa sekunde, yenye takriban megabaiti 360. Anamtumia mwenye chaneli kwa WhatsApp kama video ya kawaida, si kama waraka, kisha mteja analalamika kwamba picha ni hafifu. Jibu la API linaonyesha `codec` ni `h264`, kontena ni lile lile na fremu ni 25, kiasi kwamba mtu mwenye haraka angesema faili ni ile ile. Lakini `fileSize` ni kama megabaiti 30, na picha ni pikseli 848 kwa 480 badala ya 1920 kwa 1080. Ukigawa ukubwa kwa muda, kasi ya data imeshuka kutoka megabiti 16 kwa sekunde hadi takriban 1.3. Kodeki haikubadilika kwa sababu WhatsApp nayo hubana kwa H.264, kwa hiyo idadi ya baiti ndiyo ushahidi, nayo ikitofautiana na ya faili ya mhariri hata kwa baiti moja, iliyofika si ile iliyotoka kwake. (Jina la faili, ambalo YouTube Studio pia huonyesha, mara nyingi hutoa siri mapema: simu za Android huita video za WhatsApp kwa mtindo wa `VID-20240512-WA0003.mp4`.)

Nafasi ya pili ni MediaInfo, na hapa ndipo pesa inaweza kutumika. Kwenye Windows na Linux ni ya bure. Toleo la Mac lenye madirisha huuzwa App Store kwa bei ndogo, nami naona inastahili. Inasoma faili iliyoko kwako, kabla ya kupandishwa, na inaona jambo ambalo API hailiweki wazi: kasi ya fremu isiyo thabiti. Simu nyingi hurekodi hivyo, na ilhali API hutoa namba moja tu, MediaInfo huandika `Variable` kwenye mstari wa `Frame rate mode`. Pia hutofautisha MOV na MP4 kwa kusoma ndani ya faili, hivyo kubadilisha herufi za mwisho za jina hakuidanganyi.

Ya tatu ni `ffprobe`, inayokuja bure pamoja na FFmpeg. Inamfaa mwenye faili nyingi, maana huitwa kwa amri moja:

```
ffprobe -v error -show_format -show_streams harusi.mp4
```

Udhaifu wake ni kwamba MOV na MP4 zote huandikwa `mov,mp4,m4a,3gp,3g2,mj2`, na msomaji hana budi kutazama `major_brand`: `qt` ni MOV, ilhali `isom` au `mp42` ni MP4. VLC naiweka ya nne. Dirisha lake la taarifa za kodeki linatosha kwa kuangalia haraka, basi.

Ya mwisho ni `Stats for nerds` ya kichezeshi cha YouTube, ingawa ndiyo inayotumiwa na wengi. Ukiona humo `vp09` au `av01`, hayo ni matokeo ya YouTube yenyewe kubana upya, na hayasemi lolote kuhusu kodeki uliyopandisha. Vivyo hivyo, nakala unayoipakua kutoka Studio imekwisha kubanwa upya, na kuikagua kwa MediaInfo ni kukagua kazi ya YouTube, si ya mhariri.