TAHADHARI: anayeuza viti vya ofisi "used kutoka Dubai" mtandaoni Dar, soma kabla hujatuma hela

Jamani wanaotafuta viti vya ofisi vya mitumba hapa Dar naomba mnisikilize. Mimi ni fundi wa hivi viti, nabadilisha shokapu, miguu, magurudumu, sponji, na sasa hivi naletewa viti kutoka kwa muuzaji yuleyule mmoja, anaposti kwa majina tofauti lakini picha ni zilezile, kiti cheusi cha neti mgongoni kimewekwa juu ya turubai la bluu. Wote wanakuja na malalamiko yaleyale na mimi nikipindua kiti nakuta ujanja uleule.

Nichukue kiti cha juzi. Kaka mmoja anafanya kazi za uhasibu nyumbani, ana kilo 104, kaona tangazo linasema kiti kinapanda na kushuka, mgongo unalala, mikono inapanda, upana senti 65, kinabeba kilo 150, laki na themanini. Akatuma hela, kiti kikaja na bodaboda kimefungwa nailoni mwili mzima. Kukaa tu miguu yake inaning'inia, akivuta kile kijiti cha pembeni kiti hakishuki wala hakipandi. Akapiga simu, muuzaji akamwambia eti shokapu mpya huwa ngumu itumie wiki moja italainika. Baadae akamuuliza tena akabloku namba.

Nikakipindua. Shokapu ya kiti ni silinda ya gesi, ule mwembamba wa milimita 28 unaingia ndani ya mnene wa milimita 50, na gesi ndio inausukuma juu. Sili ikichoka gesi inatoka, ukikaa kiti kinazama pole pole mpaka chini. Sasa huyu bwana badala ya kuweka shokapu nyingine amekata kipande cha bomba la maji la plastiki, akalipasua kwa urefu, akalivisha kwenye ule mwembamba ili usizame, halafu akarudishia kava jeusi la plastiki juu yake. Huoni kitu kabisa mpaka uvute kava. Ndio maana kiti kilikuwa kimesimama senti 49 kutoka sakafuni hadi kwenye kalio muda wote, bomba limekishikilia pale.

Na zile senti 65 za upana nilipoweka tepu ndio nikaelewa, alipima miguu ya chini kutoka ncha hadi ncha! Pale pa kukalia upana ni senti 47. Kwa hiyo muuzaji akikutajia kipimo kimoja muulize amepima wapi hadi wapi. Vipimo vya maana kwa mnunuzi ni upana wa pale unapokalia, kina chake kutoka mgongoni mpaka ukingo wa mbele, na kimo cha kalio kutoka sakafuni kikiwa chini kabisa na kikiwa juu kabisa. Kiti cha kawaida kizima kinacheza karibu senti 42 mpaka 52, yaani kuna kama senti 10 za kupanda na kushuka. Akikupa namba moja tu ya kimo, au anazunguka zunguka, jua hapo shokapu imekufa.

Kilo 150 nazo ni za mdomoni kwake. Chini ya kalio kulikuwa na stika ya kiwandani nusu imebanduliwa, bado inasomeka kwamba mwisho ni kilo 110. Na hiyo 110 ni ya kiti kikiwa kipya na kizima, viti vingi vya Ulaya vinapimwa kwa mtu wa uzito huo, vya kiwango cha Marekani kilo 125. Huyu kaka wa kilo 104 yuko ukingoni tayari hata kwa kiti kipya, sasa hebu angalia fremu yenyewe ilivyokuwa.

Ile nyota ya miguu mitano ni ya nailoni, na pale katikati kwenye kitovu ambapo shokapu inaingia kulikuwa na ufa unaotoka kwenye tundu kuelekea mguu mmoja. Kajaza gundi akapuliza rangi nyeusi juu. Hii ndio iliyoniumiza zaidi kwa kweli, maana ukijilaza nyuma uzito wako hauko tena kwenye miguu mitano, unaenda kwenye ule mmoja au miwili ya nyuma, na ufa ukiwa upande huo unafunguka mara moja unaanguka kisogo kwanza. Kuutambua sio kazi. Nailoni ya kiwandani imefifia na ina vinyweleo vidogo vidogo, mahali palipopulizwa rangi panang'aa tofauti, na ukipitisha ukucha unaukwaruza mstari.

Mikono iliyosemwa inapanda ilikuwa imepigwa skrubu ya mbao pembeni isisogee. Mgongo kweli unalala, hapo sikuona tatizo.

Sasa mtu ufanyeje, maana sisemi msinunue mitumba, mimi mwenyewe nakula kupitia mitumba na vipo viti vizuri sana. Kabla ya kutuma hata mia mwambie akurekodie video fupi moja bila kukata: anavuta kava la shokapu mpaka ule mwembamba uonekane, anavuta kijiti kiti kikiwa kitupu kipande chenyewe, halafu anakaa anavuta tena kinashuka naye, anaachia kijiti na anabaki amekaa. Halafu akigeuze miguu juu uone kitovu na lile bati la chuma chini ya kalio. Muuzaji mkweli hiyo ni dakika mbili tu. Kama kiti kiko karibu nenda mwenyewe, kaa nacho dakika kumi huku mnapiga stori, pima kimo mwanzo na mwisho, kikishuka hata senti moja au mbili bila kuguswa sili imeshaanza kuvuja.

Na mjue kipi kinavumilika. Shokapu mbovu inabadilishwa, nyota iliyopasuka inabadilishwa, gurudumu ndio kabisa, kwa hiyo muuzaji akikwambia ukweli mkakata bei kulingana na hilo, chukua. Ila lile bati la chuma chini ya kalio likiwa na ufa karibu na bolti, au limechomelewa upya na kutu inachungulia kwenye rangi, au kalio linayumba kushoto kulia kwa sababu nati za ndani ya plaiwudi zimeng'oka, mimi nakushauri achana nacho, ukarabati wake unakaribia bei ya kiti kingine.

Kwa ambao mmeshanunua kwa huyu mtu, leo hii vuteni kava la shokapu muangalie kama kuna bomba, mkipapasa kitovu mkikuta ufa msijilaze nyuma tena na watoto wasikizungushe. Na tafadhali sana msimpelekee mtu wa kuchomelea akachomelee shokapu isishuke au aitoboe apige bolti, mle ndani bado inaweza kuwa na gesi yenye presha kubwa na ikipata moto inaruka kama risasi. Itolewe nzima iwekwe nyingine. Mwenye picha ya lile turubai la bluu kwenye tangazo jipya aiweke hapa chini watu waione.