TAHADHARI: Anauza "asali isiyoganda" kwa picha ya chupa, na kwenye dumu linakuja shira

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya Dar na Morogoro anayeuza asali "ya Tabora, mbichi kabisa". Simtaji kwa sababu jina la ukurasa analibadilisha kila mara, na mwezi ujao atakuwa na jingine. Mtamjua kwa maneno yake. Picha ni moja: chupa ya kioo imewekwa dirishani, jua nyuma yake, asali inang'aa rangi ya dhahabu mpaka unaona vidole vya aliyeishika upande wa pili. Chini yake ameandika kwamba asali yake haigandi hata ukiiweka kwenye friji, na kwamba asali inayoganda imechanganywa sukari. Unalipa kwanza kwa simu, dumu linaletwa na bodaboda, na bodaboda hajui lolote.

Dada mmoja jirani yangu alinunua dumu la lita 5 kwa shilingi 75,000, akaniletea kwa kuwa mimi hupokea asali kutoka Sikonge na kuiuza rejareja. Alitaka nimwambie kama ni nzuri, maana "kwenye picha ilikuwa safi sana". Nitaeleza tulichokipata, ila kwanza picha yenyewe, kwa sababu huyu bwana ametumia imani ambayo wengi wetu tunayo.

Asali kuganda ni tabia yake. Ndani yake kuna sukari mbili kubwa, fruktosi na glukosi, kisha maji kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 20. Glukosi haipendi kuyeyuka kwenye maji machache namna hiyo, kwa hiyo polepole inajitenga na kuwa punje. Asali yenye glukosi nyingi huganda upesi. Ya alizeti, ile ya ukanda wa Singida na Dodoma, inaweza kuwa ngumu wiki chache tu baada ya kuvunwa. Yenye fruktosi nyingi hukaa majimaji miezi mingi. Zote mbili ni asali ya nyuki.

Halafu kuna baridi. Kuganda huenda kasi zaidi kwenye nyuzi joto kama 14 hivi. Chota chupa mbili kutoka ndoo moja, moja ibaki Dar na nyingine iende Njombe au Makete. Ya Njombe itaganda mapema, na ya Dar itaendelea kumiminika kwa sababu joto letu linaizuia. Mteja wa Njombe atanipigia simu kulalamika kwamba nimemtilia sukari, wakati wa Dar ananisifu kwa asali ileile. Nimeshazoea.

Sasa geuza upande wa pili. Sukari ya dukani ukiichemsha na maji halafu ukaiacha nyepesi kiasi, haigandi, maana maji yanatosha kuishikilia yote. Wanaotaka shira nzito isiyoganda hukamulia ndimu au kutia chumvi ya limau wakati inachemka. Ule uchachu unaivunja sukari, na shira inabaki laini. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba yake haigandi kamwe, hata kwenye friji, ameahidi kitu ambacho shira inakitimiza kirahisi kuliko asali. Na msije mkahamia upande mwingine mkasema "basi iliyoganda ndiyo halisi", kwa sababu shira nzito mno nayo hutoa punje ikipoa, na matapeli wengine wameshaanza kuuza hizo. Kuna punje kubwa ngumu za sukari zinazolia kwenye meno, na kuna punje za asali zinazoyeyuka ulimini, lakini hilo unalijua kwa kuonja. Kwenye picha zote ni weupe tu chini ya chupa.

Rangi ndiyo inadanganya zaidi. Asali ya miombo ya Tabora na Katavi inaweza kuwa ya kahawia iliyoiva, nyingine inakaribia weusi, na nyingine ikawa nyepesi, kutegemea maua ya msimu. Masega ya zamani huitia giza, moto wakati wa kuyeyusha huitia giza zaidi, na hata kukaa stoo muda mrefu. Anayetaka kuigiza weusi huo huunguza sukari kidogo kwenye sufuria kabla ya kutia maji. Nusu saa ya kazi. Hapo hujahesabu kamera. Asali ileile kwenye chupa nyembamba mbele ya dirisha ni dhahabu, kwenye dumu la lita 5 juu ya meza ni nyeusi, kwa sababu mwanga unapita kwenye asali nyingi zaidi kabla haujafika machoni. Simu nazo siku hizi zinajirekebishia rangi zenyewe bila kuombwa.

Na uangavu? Asali iliyochujwa kwa kitambaa tu huwa na ukungu kidogo: chavua, vipande vidogo vya nta, mapovu ya hewa. Hiyo si kasoro. Ile inayong'aa kama maji ya soda imechujwa sana, au imepashwa moto mpaka kila punje ikayeyuka, au haijawahi kuona nyuki. Picha haikuambii ni ipi kati ya hizo tatu. Kitu pekee ninachokiangalia mimi kwenye picha ya chupa ni dalili za unyevu: povu jeupe lisiloisha juu, au asali iliyojigawa, punje chini na majimaji mengi juu. Hiyo ina hatari ya kuchacha hata kama ni halisi, na siinunui. Zaidi ya hapo, picha ya chupa sawa na picha ya gunia la mchele lililofungwa.

Turudi kwenye dumu la jirani. Kwa macho lilikuwa zuri, lazima niseme. Rangi ya dhahabu, halina uchafu, na tulipolimimina kwenye kijiko lilitiririka kwa uzi. Harufu ilikuwa hafifu, ya utamu tu, bila ule moshi na maua unaokupiga ukifungua ndoo ya Sikonge.

Tukalipima. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa kama kilo 1.4. Kwa hiyo lita 5 zinatakiwa kukaribia kilo 7. Tulitia alama kwenye dumu kwa kalamu pale shira ilipofika, tukapima, tukahamishia kwenye ndoo, tukaliosha dumu na kulipima tupu. Tukitoa uzito wa dumu, kilichobaki kilikuwa kilo 6.5. Halafu tukajaza maji mpaka alama ileile, tukapata kilo 5, ili kuhakikisha dumu lenyewe halikuwa limepunjwa ujazo. Gawanya 6.5 kwa 5 unapata 1.3. Huo si uzito wa asali. Ni uzito wa shira ya sukari yenye maji zaidi ya theluthi moja.

Nina kile kipimo kidogo cha mkononi wanachotumia wafugaji nyuki kupima maji kwenye asali, unadondosha tone kwenye kioo na kuchungulia kwenye mwanga. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Ya jirani ilitoka nje kabisa ya mistari upande wa maji. Baada ya hapo chupa niliyoiacha mezani ilianza kutoa povu na harufu ya togwa, na kwa maji kiasi hicho sikushangaa. Tulipomwandikia muuzaji alijibu kwamba hiyo ni asali ya nyuki wadogo, "ndiyo maana nyepesi", kisha akatufungia.

Hapo ni pa kuwa makini, kwa sababu amechagua uongo wenye ukweli ndani yake. Asali ya nyuki wadogo wasiouma kweli ni nyepesi, ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa. Lakini ni chachu, ina ukali wa ndimu ukiilamba, hupatikana kidogo kidogo, na bei yake ni kubwa mno kuliko ya nyuki wakubwa. Hakuna anayekuuzia lita 5 zake kwa bei ile. Na dumu lile halikuwa na uchachu wowote siku lilipofika.

Mizani nayo isikupe kiburi. Inakamata shira nyepesi tu. Shira nzito ya viwandani inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi ina uzito unaokaribiana kabisa na wa asali, na itapita. Hiyo inahitaji maabara. Kwa kuwa miwa na mahindi hujenga sukari kwa njia tofauti na mimea mingi ambayo nyuki huchukua nekta, kaboni iliyomo kwenye sukari zao ina alama tofauti, na mitambo huisoma. Majaribio ya nyumbani ya kiberiti, glasi ya maji, karatasi na sisimizi yaacheni. Shira nzito huzama kwenye maji vilevile kama asali, na sisimizi wanakula zote mbili.

Kwa hiyo mkitaka kununua mtandaoni: lipa baada ya kufungua, si kabla. Nenda na mizani ya jikoni na chupa ya maji ya nusu lita uliyoikausha vizuri. Ikijaa asali mpaka pale maji yalipokuwa, bila kuhesabu uzito wa chupa, iwe kama gramu 700. Chini ya 680 rudisha. Muulize imevunwa wilaya gani na mwezi gani, na uombe picha ya ndoo aliyotolea leo, akiwa ameweka kipande cha karatasi chenye jina lako pembeni. Huyu wetu aliombwa hiyo na mtu mwingine kwenye grupu, akatuma tena ile ya dirishani. Kama kuna alama ya TBS kwenye lebo, omba namba ya leseni uulize TBS wenyewe, maana nembo yoyote mtu anaweza kuichapa. Na mkisikia inauzwa kwa kilo, kumbukeni kilo moja haijazi chupa ya lita, inaishia kama mililita 700. Hapo hujapunjwa, ila ulinganishe bei kwa kipimo kimoja.

Aliyekwisha kulipa asilimwage dumu. Hifadhi ujumbe wote, picha, na muamala wa simu wenye jina lililosajiliwa, kwa sababu jina la ukurasa hubadilika lakini la laini ya simu si rahisi. Chota chupa mbili, zifunge, uandike tarehe. Moja peleka TBS, ambao ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019, na nyingine ibaki nawe ukienda polisi. Waliotapeliwa na picha hiyohiyo ya dirishani wanitumie ujumbe pembeni, tunakusanya miamala ili twende kwa pamoja.